Wimbo wa kuchekesha: namna ya kuficha kichekesho hadi neno la mwisho

Nyimbo za kuchekesha zinazopelekwa kwenye harusi, vikao vya kumuaga bosi na majukwaa ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, hufia karibu mahali pamoja. Mtunzi ana wazo zuri, sauti anayo, lakini ukumbi unacheka kidogo kwenye mstari wa tatu, halafu watu wanasubiri adabu iishe ili warudi kwenye soda zao. Kichekesho kimetoka mapema. Kilichobaki ni maelezo.

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya wimbo: ule unaomfanya msikilizaji aamini jambo fulani tangu mwanzo, kisha neno la mwisho linamwonyesha kwamba muda wote alikuwa anasikiliza habari nyingine. Tutautunga mmoja hapa, mistari kumi na miwili, hadi mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo

Karatasi na kalamu. Simu ya kurekodia sauti. Ala moja unayoimudu, iwe zeze, gitaa, ilimba au kinanda. Ikikosekana, makofi yanatosha. Watu wawili ambao hawajasikia lolote kuhusu wimbo wako, na hawa walinde sana, kwa sababu mtu akishajua siri hafai tena kukupimia.

Cha mwisho ni jambo la kuficha. Hili ndilo linaloamua kama wimbo utawezekana, kwa hiyo tuanze nalo.

## Hatua ya 1: Chagua cha kuficha, na ngeli ikusaidie

Kiswahili kimempa mtunzi wa vichekesho zawadi ambayo wengi hawaitumii. Mtu na mnyama hupewa viambishi vilevile kwenye kitenzi. "Amelala", "nampenda", "ananisubiri": hakuna anayeweza kukuambia kama ni mke, mume, mbuzi au jogoo. Wala hatujui kama ni wa kike au wa kiume. Unaweza kuimba dakika mbili nzima kuhusu mbwa, na ukumbi ukawa unamwona mchumba.

Kitu kisicho na uhai kinakuumbua mara moja. Ukitaka kuficha gari, mstari wa kwanza tu utakulazimisha useme "limezima" au "nalipenda", na hapo mwenye masikio ameshajua huzungumzii binadamu. Baiskeli itasema "imeharibika". Kuna watunzi wanaojaribu kukwepa kwa kusema "amezima" wakimaanisha gari. Hiyo ni rafu. Msikilizaji akigundua umevunja ngeli ili kumdanganya, hacheki, anakusahihisha.

Kwa wimbo wetu tutaficha punda. Vijijini kwetu, Chamwino, Bahi, Kongwa, punda ndiye anayebeba maji, kuni na magunia, kwa hiyo mambo anayoyafanya yanafanana na ya mtu wa nyumbani. Msikilizaji atadhani tunamsifia mke au mchumba.

Jambo moja la kuamua hapa hapa: kicheko kimwangukie nani? Kikimwangukia mke, yaani kwamba mke amefananishwa na punda, nusu ya ukumbi itanuna, na watakuwa na haki. Kimwangukie mwimbaji. Yeye ndiye bwana aliyemwaga mapenzi yote hayo kwa punda. Kwa hiyo neno "mke" halitaingia kwenye wimbo hata mara moja.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema sentensi tano kuhusu kitu chako bila kukitaja, na ngeli isikuumbue.

## Hatua ya 2: Andika neno la mwisho kwanza

Neno la mwisho kabisa la wimbo ni *punda*. Liandike chini kabisa ya karatasi. Sio katikati ya mstari wa mwisho, sio neno la pili kutoka mwisho. Ukimaliza na "huyo ni punda, jamani eeh", watu wataanza kucheka kwenye "punda" na wewe utakuwa bado unaimba "jamani eeh" juu ya kicheko chao. Watanyamaza ili wakusikie, na kicheko kikishanyamazishwa hakirudi.

Sasa angalia kina. *Punda* kinaishia na *-nda*, na hapo tuna bahati, maana maneno ya *-nda* ni mengi: penda, kwenda, shinda, tenda, ponda, linda, tunda, kidonda. Wingi huo ndio maficho yetu. Mtu anayesikia mistari mitatu ya *-nda* hawezi kubahatisha ya nne itakuwa ipi. Kama ungeficha mnyama ambaye kina chake kina maneno machache, msikilizaji aliyezoea mashairi angekutangulia, na Tanzania hii watu waliozoea mashairi ni wengi kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 3: Chambua maneno katika mafungu matatu

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiharakisha hatua hii, zilizobaki hazitakuokoa.

Chora safu tatu kwenye karatasi. Ya kwanza iite yanayofichua, ya pili yanayodanganya, ya tatu ya kweli pande zote. Kisha andika kila unachoweza kusema kuhusu punda wako, na ukiweke kwenye safu yake.

*Yanayofichua* ni maneno ambayo binadamu hayamhusu. Kwato, mkia, majani, zizi. "Namfuga" limo humu, kwa sababu mtu hafugwi. "Nilimnunua" pia. Na "abeba maji mgongoni", hata kama lilionekana jema ulipoliandika, linafichua: kwetu mtu hubeba ndoo kichwani, mgongoni anabeba mtoto.

*Yanayodanganya* ni maneno ambayo punda hayamhusu. "Nilimwoa", "mahari", "kanga zake", "tulifunga ndoa". Haya yanavutia sana kwa sababu yanamsadikisha msikilizaji haraka kwamba ni mke. Yatupe. Ukishasema "punda" mwishoni, msikilizaji hurudi nyuma kichwani mwake kukagua mistari, na hufanya hivyo kwa sekunde moja bila kujijua. Akikuta mstari mmoja ambao usingewezekana kwa punda, anaona umemwongopea tu, na kudanganywa kwa uongo hakuchekeshi. Raha ya kichekesho hiki ni kugundua kwamba mwimbaji alisema kweli tupu, na makosa yalikuwa ya msikilizaji mwenyewe.

*Ya kweli pande zote* ndiyo mali yako. "Nilimwona." "Nampenda." "Hanuni." "Twaongozana." Na lile nilipendalo kuliko yote: "wakanipa". Badala ya "nilimwoa", ambalo ni uongo, na "nilimnunua", ambalo ni siri nje, sema *wakanipa*. Wazazi humpa mtu mke. Wauzaji humpa mteja punda wake. Neno limesimama katikati na halijasema uongo kwa yeyote.

Mahali nako kunaweza kuwa kwa pande zote, na Dodoma tuna pazuri sana: mnada wa Msalato siku ya Jumamosi. Nusu ya mji hupanda huko kwa ajili ya nyama choma, vijana wanakutana, watu wanapata wachumba. Na mifugo inauzwa. Mwimbaji akisema alimwona Msalato Jumamosi, kila mwenyeji wa Dodoma anaona msichana kwenye meza ya nyama choma. Neno la mwisho likija, picha inahamia upande wa pili wa uwanja uleule.

Tahadhari: hili lina mipaka yake. Ukienda kuimba ambako watu hawaijui Msalato, neno "mnada" litawaletea mifugo tu, na siri imetoka mstari wa pili. Kwa hadhira hiyo badilisha mahali. Tafuta pa kwao penye watu na wanyama pamoja, na kama hapapo, mwone tu "njiani".

Umefaulu ikiwa: safu ya tatu ina angalau mambo manane. Yakiwa matatu au manne, kitu ulichochagua hakifai. Rudi hatua ya kwanza.

## Hatua ya 4: Tunga kwa mizani minane

Mstari mfupi unafaa kichekesho kuliko mrefu. Mizani minane kwa mstari inashikika masikioni, haimpi msikilizaji muda wa kupeleleza, na inaimbika kwa pumzi moja. Hesabu kwa vidole, na usisahau kwamba *m* inayosimama peke yake, kama kwenye *m-na-da*, ni mzani kamili.

Huu hapa wimbo wetu:

> Nilimwona Msalato,
> Jumamosi ya mnada,
> Moyo ukawaka moto,
> Wakanipa bila shida.
>
> Asubuhi kisimani
> Twaongozana wawili,
> Hanuni wala haneni,
> Hata jua liwe kali.
>
> Watu wote huniponda
> Kwa vile ninampenda;
> Sasa jua linakwenda,
> Haya twende zetu, punda.

Kagua pamoja nami. Ubeti wa kwanza unajibu swali la msikilizaji, "ni nani huyu?", na unalijibu vibaya kwa makusudi. Kazi yake ni kuweka picha ya mapenzi, basi. Mstari wa tatu, "moyo ukawaka moto", ndio unaoifunga picha hiyo, na bado ni kweli: mtu anaweza kumpenda punda mwenye afya akiwa bado mnadani.

Ubeti wa pili unarudia picha ileile kwa mambo ya nyumbani. Usiweke kichekesho kidogo hapa. Watunzi wengi huogopa ukimya wa hadhira katikati ya wimbo, wakatupia utani wa kando ili watu wacheke kidogo wakisubiri. Kila kicheko cha katikati kinamkumbusha msikilizaji kwamba huu ni wimbo wa vichekesho, na anaanza kuwinda siri. Mwache atabasamu tu. "Hanuni wala haneni" unamtosha: anayedhani ni mke atasema moyoni kwamba huyo jamaa ana bahati.

Ubeti wa tatu unabadilisha vina. Kabla yake vina vilipishana, *-to* na *-da*, *-ni* na *-li*. Sasa mistari yote inaishia *-nda*, kwa hiyo sikio linajengewa mazoea: ponda, penda, kwenda. Sikio linajua *-nda* ya nne inakuja. Halijui ipi.

Mstari wa kumi na moja nataka uutazame sana. "Sasa jua linakwenda." Ni mstari mkavu kabisa, na umewekwa hivyo kwa kusudi. Hauna mapenzi, hauna sifa, hauna dalili. Mstari unaotangulia kichekesho ukiwa na hisia kali, msikilizaji anakaa sawa kungoja jambo kubwa. Ukiwa mkavu, analegea. Pia unaleta sababu ya mstari wa mwisho: jua linakwenda, kwa hiyo twende zetu.

### Kwa nini sio mstari mwingine wa mwisho?

Upo mstari unaovutia sana: "Mke wangu, lisha punda." Mizani iko sawa, kina kiko sawa, na ni wa kuchekesha ukiusoma kwenye karatasi. Jukwaani unashindwa. Msikilizaji akisikia "mke wangu" anaona dhana yake imethibitishwa: kumbe kweli ni mke. Kisha anaambiwa mke akamlishe punda, na anabaki na punda asiyejua ametoka wapi. Kuna maana mbili zinazogombana, na mtu anayechagua maana hacheki.

"Nani kama huyu punda" nao unaeleweka, ila unatangaza. Mwimbaji anakuwa kama anasema, haya sasa, siri ndiyo hii. "Haya twende zetu, punda" hautangazi lolote. Ni maneno ambayo mwenye punda angeyasema kweli jioni kisimani. Siri inatoka kwa sababu mwimbaji anaendelea na maisha yake, na hiyo ndiyo inayovunja mbavu.

Jaribio la haraka: chukua mistari hiyohiyo, anza na "Punda wangu nampenda, kisimani tunakwenda". Imba yote. Ni wimbo mzuri wa kumsifu mnyama, watoto wa shule wataupenda, na hakuna hata mmoja atakayecheka. Hatujaongeza wala kupunguza habari. Tumehamisha neno moja.

## Hatua ya 5: Pima kwa wale watu wawili

Mwimbie wa kwanza hadi mstari wa kumi na moja, kisha simama. Muulize: "Namwimba nani?"

Akisema mke, mchumba au demu, uko vizuri. Akisema "sijui", ubeti wa kwanza haujamjengea picha, ongeza mstari wa moyo. Akisema "mnyama" au akianza kutabasamu kiujanja, kuna neno linalofichua. Muulize alijulia wapi, na atakutajia neno lenyewe bila kusita. Lipeleke kwenye safu ya kwanza.

Wa pili mwimbie hadi mwisho bila kusimama, na simu ikiwa inarekodi. Unapoisikiliza baadaye, angalia umbali kati ya *punda* na kicheko. Kikija papo hapo, sawa. Kukiwa na ukimya halafu "eti nini?", neno halikusikika, na tatizo ni la uimbaji. Dalili bora kuliko zote huja baada ya kicheko, pale mtu anaposema mwenyewe: "Kumbe ndiyo maana Msalato!" Amerudi nyuma, amekagua, amekuta kila kitu kiko mahali pake.

## Hatua ya 6: Linda siri hadi jukwaani

Jina la wimbo lisiwe "Punda Wangu". Inaonekana ni jambo la wazi, lakini ndilo linaloua nyimbo nyingi kabla hazijaanza. Uite "Nilimwona Msalato". Mwambie msemaji wa shughuli autangaze kama wimbo wa mapenzi, basi, asiongeze "mtacheka sana huyu jamaa". Ukituma kipande cha video kwenye makundi ya simu, kisiwe na picha ya punda mbele.

Na uso wako uwe wa mtu anayependa kweli. Mwimbaji anayebana kicheko kwenye ubeti wa pili anawaambia watu wote kwamba kuna kitu.

## Hatua ya 7: Namna ya kuliimba neno lenyewe

Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo *PU* ndiyo itakayosikika na *nda* itazama yenyewe. Hakikisha hakuna kinachoifunika *PU*. Kama kuna ngoma, mpigaji aache mapigo mara tu baada ya "zetu". Zeze au gitaa nalo linyamaze hapo. Neno libaki peke yake hewani.

Usitue kabla yake, lakini. Kutua kwa sekunde mbili na kuinua nyusi ni kuwapa watu nafasi ya kukutangulia, na daima yupo mmoja nyuma atakayepaza sauti kabla yako. Ala zikatike, wewe uendelee kwa mwendo uleule.

Ukiimba nje, hasa miezi ile ya upepo wa Dodoma, sogeza mdomo karibu na kipaza sauti kwenye mstari wa mwisho na uupe upepo mgongo. Upepo ukikivumia kipaza sauti hutoka kama kishindo, na neno lote linapotea.

Baada ya *punda*, funga mdomo. Hakuna kiitikio, hakuna kurudia mstari, hakuna "mmeelewa?". Kama ulitaka kiitikio, kiweke kati ya ubeti wa kwanza na wa pili, na maneno yake yapite mafungu yaleyale matatu. Wapigaji nao wasirudi na muziki wa kumalizia hadi kicheko kianze kushuka chenyewe.

## Wakikuomba urudie

Watakuomba, na hapo siri haipo tena. Ukumbi mzima utaimba nawe, na kwenye mstari wa mwisho watapaza "punda!" kabla hujafungua kinywa. Waache wajiandae. Imba beti zote kama mwanzo, tena kwa upole zaidi, fika "Sasa jua linakwenda", na watu wote wakiwa wameshavuta pumzi, malizia hivi:

> Haya twende zetu, Linda.

Mizani minane, kina kilekile, na safari hii aliyetajwa ni mtu. Uliza tu mapema kama bibi harusi haitwi hivyo.